Pesa iko mkononi mwa nani siku mzigo unapochelewa? Hotuba kwa wasindikaji wa alizeti kuhusu mkataba wa vifungashio

Mwenyekiti, viongozi wa ushirika, ndugu wasindikaji, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie mikataba ya wazabuni. Mikataba ni mingi, kwa hiyo leo nauchukua mmoja tu: mkataba wa kununua madumu ya lita tano ya kufungashia mafuta. Nimeuchagua kwa sababu kila aliyekaa hapa anao, hata kama ameuandika kwenye ujumbe wa simu. Pia ni bidhaa ambayo ikikosekana, mashine ya kukamua inaweza kuendelea kunguruma lakini hakuna kinachotoka getini.

Tuchukue kiwanda kidogo cha hapa Singida. Kinahitaji madumu 10,000 kila mwezi kwa miezi sita, kuanzia msimu wa mavuno. Mwenye kiwanda cha plastiki yuko Dar es Salaam, kama kilomita 700 kutoka hapa. Bei anayotaja ni shilingi 1,200 kwa dumu, bila VAT, pamoja na kifuniko. Mzigo wa mwezi mmoja ni shilingi milioni 12. Masharti yake ni nusu ya fedha kabla ya kuanza kutengeneza, na nusu nyingine kabla lori halijatoka. Tarakimu hizi ni za mfano, lakini masharti hayo mnayajua vizuri.

Wengi wetu tukipewa masharti hayo tunapigania bei. Tunaomba 1,150, tunapewa 1,170, tunashikana mikono, kisha mambo mengine tunayaacha "yaende yenyewe". Hapo ndipo tunapopoteza. Kabla ya kusaini mkataba wowote wa namna hii, jiulizeni swali moja: siku mzigo utakapochelewa, pesa itakuwa mkononi mwa nani? Ikiwa yote iko kwake, kifungu cha faini mlichoandika ni karatasi, na kifungu cha kujitoa ni karatasi vilevile. Malipo, faini na kujitoa ni mambo yanayoshikana. Ukilegeza moja, mengine mawili yanalegea nalo.

Nianze na malipo.

Masharti ya malipo yana bei, na bei hiyo inahesabika kwa shilingi kwa kila dumu. Tuseme mkopo wako wa benki una riba ya asilimia 18 kwa mwaka, yaani asilimia 1.5 kwa mwezi. Ukitoa milioni 6 mwezi mzima kabla ya mzigo, fedha hiyo inakugharimu shilingi 90,000. Gawanya kwa madumu 10,000, unapata shilingi 9 kwa dumu. Kwa hiyo dumu lako si la 1,200, ni la 1,209.

Sasa geuza upande wa pili. Wewe unaomba kulipa yote siku 30 baada ya kupokea. Ile milioni 6 ya kwanza inarudi nyuma siku 60, ile ya pili inarudi nyuma siku 30. Riba unayookoa ni 180,000 kwa ya kwanza na 90,000 kwa ya pili, jumla 270,000, yaani shilingi 27 kwa dumu. Muuzaji akikwambia, "Sawa, nakupa siku 30, lakini bei ni 1,220," amekupa biashara nzuri. Akisema 1,240, anakuuzia mkopo ghali kuliko wa benki. Ukiwa na hesabu hiyo kwenye daftari kabla ya kukaa mezani, hutahitaji kubabaika wala kupandisha sauti.

Lakini riba ndiyo sehemu ndogo ya jambo. Sehemu kubwa ni hatari. Kwa masharti yake ya kwanza, lori linapotoka Dar es Salaam milioni 12 zako zimeshaondoka zote, na wewe hujaliona hata dumu moja.

Muuzaji naye ana sababu zake, na ni haki kuzielewa. Chembechembe za plastiki ananunua kwa fedha taslimu, na madumu yenye nembo yako hawezi kumuuzia mtu mwingine ukimkimbia. Kwa hiyo ukimwendea na "silipi senti mpaka nipokee", ama atakataa, ama atakubali kisha akuweke nyuma ya wateja wote wanaolipa mapema. Huyo wa pili ni mbaya zaidi kuliko aliyekataa, kwa sababu hutamjua mpaka msimu uanze.

Kinachofanya kazi ni kumpa malipo ya awali yanayolingana na hofu yake halisi. Mpe asilimia 20, yaani milioni 2.4, wiki nne kabla ya kila mzigo, na asilimia 80 ndani ya siku 14 baada ya kupokea. Tuihesabu. Milioni 2.4 mwezi mmoja kabla inakugharimu 36,000. Milioni 9.6 unazokaa nazo siku 14 zinakuokolea 67,200. Umetoka kwenye kugharimika 90,000 hadi kuokoa 31,200, tofauti ya 121,200 kwa mzigo, kama shilingi 12 kwa dumu. Akitaka shilingi 10 za nyongeza ili akubali masharti haya, mpe. Bado umebaki na faida ya shilingi 2, na fedha yako iliyo hatarini imeshuka kutoka milioni 12 hadi milioni 2.4.

Ikiwa bado anang'ang'ania nusu, kuna njia mbili za kati. Ya kwanza ni kumwomba dhamana ya benki kwa malipo ya awali, kwamba asipoleta mzigo benki yake inakurudishia. Kiwanda kikubwa kinaweza kuitoa, kidogo mara nyingi hakiwezi. Ya pili ni kuukata mzigo: badala ya 10,000 kwa mkupuo, anakuletea 5,000 kila wiki mbili. Nusu ya mzigo mdogo ni fedha ndogo. Gharama ya lori itapanda kidogo kwa kila dumu, kwa hiyo ihesabu kabla ya kukubali.

Sasa, siku 14 tangu lini? Hapa kuna ugomvi mwingi kuliko kwenye asilimia zenyewe. Muuzaji akihesabu tangu tarehe ya ankara, anaweza kuandika ankara leo na kuleta mzigo wiki ijayo, na nusu ya muda wako imekwisha kabla hujapokea. Andikeni hivi: "Malipo yatafanyika ndani ya siku 14 tangu mnunuzi apokee mzigo kamili uliokaguliwa, au tangu apokee ankara sahihi na risiti ya EFD, kwa kutegemea lipi litatokea mwisho."

Muuzaji makini ataona mwanya hapo. Atasema, "Mkikaa mwezi mzima bila kukagua, mimi nalipwa lini?" Ana haki. Mpe kifungu chake: ukaguzi ufanyike ndani ya siku 3 za kazi, na mnunuzi akinyamaza, mzigo unahesabiwa umepokelewa. Mpe pia riba ya ucheleweshaji kwa upande wako, ile ile asilimia 1.5 kwa mwezi. Mtu anayemtoza mwenzake faini ya kuchelewesha mzigo, halafu mwenyewe hataki kutozwa kwa kuchelewesha malipo, hapati mkataba wa kudumu.

Siku 3 za ukaguzi zinatosha ikiwa mkataba unasema kinachokaguliwa. Andikeni uzito wa dumu tupu, tuseme gramu 140, na tofauti isizidi gramu 5. Kuna sababu. Bei ya plastiki ikipanda, njia rahisi ya kufidia ni kulifanya dumu kuwa jembamba, na kwa macho huoni. Utaona ghalani, ukipanga safu ya nne juu, la chini linabonyea na mafuta yanachuruzika. Chukueni madumu 50 kutoka mifuko tofauti, si ule wa juu tu. Yapimeni kwenye mizani ya jikoni. Yajazeni maji, yafungeni, yalazeni ubavu saa moja juu ya karatasi kavu. Dumu bovu huvuja shingoni, mahali kifuniko kinapokutana na mdomo, na karatasi itakuonyesha tone ambalo jicho lingelipita.

Tuje kwenye faini.

Kabla ya kiwango, tarehe. "Mzigo utaletwa mapema iwezekanavyo" haiwezi kuzaa faini yoyote, kwa sababu hakuna siku iliyovunjwa. Andikeni: "Mzigo wa kila mwezi utafika ghalani kwa mnunuzi, Singida, kabla ya saa 10 jioni ya tarehe 5." Neno "ghalani kwa mnunuzi" lina kazi kubwa. Kama bei ni ya kiwandani Dar es Salaam, makabidhiano yanafanyika lori linapopakiwa kule, na likiharibika njiani ni lako, si lake. Watu wanadai faini kwa lori lililokwama siku tano, kumbe kwa mkataba wao wenyewe muuzaji alishamaliza kazi yake siku liliposhonwa turubai.

Andikeni pia nini kinahesabika kuwa mzigo. Dumu bila kifuniko si kifungashio. Dumu na kifuniko bila lakiri, nalo dukani halipokelewi. Kwa hiyo kipimo kiwe "seti kamili: dumu, kifuniko na lakiri". Bila maneno hayo, muuzaji analeta madumu 10,000 tarehe 5, vifuniko vinafika tarehe 19, na kwa maandishi hajachelewa.

Sasa kiwango. Wengi wetu tunafikiri faini kubwa inatisha zaidi. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kifungu cha 74, ina mtazamo mwingine, na ni vizuri kila mmoja aujue. Inasema mkataba ukitaja kiasi kitakacholipwa pale unapovunjwa, aliyevunjiwa anastahili fidia ya kuridhisha isiyozidi kiasi hicho, hata kama hakuthibitisha hasara. Tazameni mambo mawili yaliyo ndani yake. La kwanza: kiasi mlichoandika ni dari. Ukiandika kidogo kuliko hasara yako, umejifunga mwenyewe. La pili: fidia ni ya kuridhisha, kwa hiyo ukiandika asilimia 10 kwa siku, mahakama inaweza kuishusha hadi pale inapoona pana haki. Wenzetu wa Kenya, wanaofuata mkondo wa sheria ya Kiingereza, wako kwenye hatari kubwa zaidi: kiasi kikionekana ni adhabu tupu isiyolingana na maslahi halali ya aliyevunjiwa, kifungu kizima cha faini kinaweza kuanguka.

Kwa hiyo kiwango kitokane na hesabu, na hesabu hiyo ibaki kwenye kumbukumbu za kikao. Kiwanda chetu cha mfano kinatumia madumu 10,000 kwa siku 25 za kazi, yaani 400 kwa siku. Madumu yasipofika, kiwanda kinanunua ya rejareja mjini kwa 1,450, ziada ya shilingi 250 kwa kila moja. Mara 400 ni shilingi 100,000. Ongeza 20,000 za usafiri na wapakiaji. Hasara ya siku moja ni shilingi 120,000, ambayo ni asilimia 1 ya mzigo wa milioni 12. Basi faini ni asilimia 1 kwa siku. Muuzaji akiuliza umeitoa wapi, mwonyeshe karatasi. Hesabu hii inazungumza vizuri kuliko hasira, na siku mkifika mbele ya hakimu ndiyo itakayosema kwamba kiasi hicho ni cha kuridhisha.

Asilimia 1 ya nini? Ya thamani ya sehemu iliyochelewa. Akileta 7,000 kwa wakati na 3,000 zikachelewa, faini inahesabiwa kwenye thamani ya 3,000, yaani milioni 3.6, ambayo ni 36,000 kwa siku. Kudai faini ya mzigo mzima wakati umeshapokea asilimia 70 yake ndiko kunakoleta vita visivyo na maana. Mpeni pia siku 2 za uvumilivu, maana barabara ni ndefu na mizani za njiani zina foleni. Na wekeni kikomo: faini isizidi asilimia 10 ya thamani iliyochelewa. Muuzaji mwenye akili hatasaini faini isiyo na mwisho, na akisaini, pengine hana nia ya kuilipa.

Tuone inavyofanya kazi. Mzigo wa tarehe 5 umefika tarehe 14. Siku 2 za uvumilivu zinaishia tarehe 7. Kuanzia tarehe 8 hadi 14 ni siku 7, faini asilimia 7, shilingi 840,000. Milioni 12 toa 840,000 ni 11,160,000. Toa milioni 2.4 ulizotanguliza, unabaki kumlipa 8,760,000. Umekata, umemwandikia barua fupi yenye hesabu hii, naye anatoa hati ya kupunguza ankara ili vitabu vya pande zote mbili vilingane. Imekwisha. Sasa rudisheni picha ya mwanzo, ya yule aliyelipa yote kabla lori halijatoka. Naye anadai 840,000 zilezile, lakini anaziomba kwa mtu ambaye ameshazipata, na amebakiwa na njia mbili: kubembeleza au kwenda mahakamani. Ili uweze kukata, mkataba useme wazi: "Mnunuzi ana haki ya kukata faini kwenye ankara yoyote ya muuzaji ambayo haijalipwa." Bila sentensi hiyo, muuzaji anaweza kusema wewe ndiye uliyevunja mkataba kwa kulipa pungufu.

Faini inaanguka kwa sababu tatu zaidi ya nyingine zote, na zote ziko upande wetu wanunuzi.

Ya kwanza, mnunuzi mwenyewe alichelewa. Malipo ya awali yalitoka siku 6 baada ya tarehe, au mchoro wa nembo ulikaa mezani kwa meneja wiki nzima bila kuidhinishwa. Muuzaji atasema, kwa haki, kwamba saa yake ilianza siku alipopata fedha na mchoro. Andikeni kabisa kwamba kila siku ya kuchelewa kwa mnunuzi inasogeza tarehe ya mzigo kwa siku moja, na si zaidi. Hapo wote wawili mnajua mnasimama wapi.

Ya pili ni kifungu cha matukio yaliyo nje ya uwezo. Muuzaji atakiandika kipana: mafuriko, vita, kukatika umeme, uhaba wa malighafi, kupanda kwa dola. Kikipita hivyo, faini haitatokea kamwe, kwa sababu kila mwezi kuna kimoja kati ya hivyo. Mafuriko yaliyokata barabara, sawa. Mgao wa umeme uliotangazwa na kuendelea, tuseme zaidi ya saa 48, sawa. Lakini umeme kukatika mchana mmoja ni jambo la kawaida ambalo kiwanda kinatakiwa kulipangia, na malighafi kupanda bei ni hatari ya biashara yake. Kisha weka masharti: atoe taarifa kwa maandishi ndani ya siku 3 tangu tukio, na tarehe isogezwe kwa siku zilezile zilizopotea. Anayetaja mafuriko kwa mara ya kwanza siku ya kudaiwa faini, amechelewa mara mbili.

Ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu ni ya dakika moja tu getini. Kifungu cha 55 cha sheria hiyohiyo kinagusa mkataba ambao muda ni kiini chake. Mwenzako akishindwa kutimiza kwa wakati, unaweza kuuvunja. Lakini ukikubali kupokea baada ya wakati, huwezi tena kudai fidia ya kuchelewa kule, isipokuwa kama ulitoa taarifa ya nia hiyo wakati unapokea. Fikirini kinachotokea kwetu. Lori linaingia saa 2 usiku, siku tisa baada ya tarehe. Mtunza ghala amefurahi, anasaini hati ya mapokezi, "Imepokelewa, nzuri", anagonga muhuri. Meneja akija asubuhi kudai faini, muuzaji anamtolea karatasi yenye muhuri wa kiwanda chake mwenyewe.

Kwa hiyo mtunza ghala apewe sentensi moja, iandikwe kwa kalamu kwenye nakala zote mbili kabla ya sahihi: "Mzigo umepokelewa tarehe 14, baada ya tarehe ya mkataba. Mnunuzi atadai fidia ya ucheleweshaji." Dereva asaini chini yake. Ipigwe picha, itumwe usiku uleule kwenye anwani iliyotajwa kwenye mkataba. Ndiyo, hata kwa WhatsApp: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua ujumbe wa kielektroniki, lakini mkataba utaje namba na barua pepe zitakazotumika, ili mtu asije akasema simu ile ni ya mtoto wake. Andikeni pia kwenye mkataba kwamba "muda ni kiini cha mkataba huu". Ni maneno machache, na kifungu cha 55 kinayatafuta hayohayo.

Sasa kujitoa.

Nilisema faini ina kikomo cha asilimia 10. Kwa asilimia 1 kwa siku, kikomo kinafika siku ya kumi, yaani tarehe 17. Fikirini tarehe 18 asubuhi. Muuzaji ameshalipa kiasi cha juu kabisa, na akichelewa wiki tatu nyingine hakuna kinachoongezeka. Kama ana mteja mwingine anayelia, atamhudumia yule. Kwa hiyo mahali faini inapofia ndipo mlango wa kutoka unapotakiwa kufunguka. Mkataba useme: "Faini ikifikia kikomo, mnunuzi anaweza, kwa taarifa ya maandishi, kufuta mzigo huo au kuvunja mkataba wote, na muuzaji atarudisha malipo ya awali ya mzigo ambao haujaletwa ndani ya siku 14." Mikataba mingi niliyoisoma ina kikomo cha faini ukurasa wa tatu na kujitoa ukurasa wa saba, na kati yake hakuna uzi. Waliiandika kama vitu viwili.

Kuna pia muuzaji asiyefika kikomo kamwe lakini anachelewa siku nne, siku tano, kila mwezi. Mwekeeni kipimo cha kuhesabika: akichelewa mara 3 ndani ya miezi 6, hata kama kila mara ni kidogo, au madumu mabovu yakizidi asilimia 3 kwa mizigo 2 mfululizo, mnunuzi anaweza kujitoa. "Utendaji usioridhisha" si kipimo. Nani aliridhika, nani hakuridhika, mtabishana mwaka mzima. Kwa kosa linaloweza kurekebishwa, kama ubora, mpeni siku 7 za kurekebisha baada ya taarifa. Kwa kuchelewa hamna haja, siku 10 za faini zilikuwa ndizo hizo.

Upande wa pili, muuzaji naye atataka njia ya kutoka usipomlipa, mpeni: siku 14 baada ya kumkumbusha kwa maandishi. Na kama mnataka haki ya kuondoka bila kosa la mtu, kwa mfano alizeti imekuwa haba na hamhitaji tena madumu, mnaweza kuipata kwa notisi ya siku 60, lakini muwe tayari kununua madumu yenye nembo yenu aliyokwisha kutengeneza. Wekeni kiwango chake, yasizidi mahitaji ya mwezi mmoja. Bila kiwango hicho utaambiwa kuna 40,000 ghalani, nawe huna la kujibu.

Kuna kitu kimoja kinachoweza kuufunga mlango hata kama karatasi inasema uko wazi. Ni kalibu, au moldi kama wanavyoiita viwandani. Ukitaka dumu lenye umbo lako na nembo iliyochongwa ubavuni, muuzaji atakutoza gharama ya kutengeneza kalibu, na si fedha ndogo. Unalipa, kalibu inakaa kwake, ndani ya mashine yake. Miezi minane baadaye unataka kuhama. Unaiomba, anakwambia ni ya kiwanda. Mkataba haukutaja. Ukienda kwa mwingine unaanza upya kulipia kalibu na kusubiri wiki kadhaa itengenezwe, katikati ya msimu. Mtu wa namna hiyo hajitoi, anavumilia. Kwa hiyo siku mnapolipia kalibu, andikeni kuwa ni mali ya mnunuzi, iwekewe namba na jina lake kwa kuchongwa kwenye chuma, isitumike kumtengenezea mtu mwingine, na irudishwe ndani ya siku 7 mkataba ukiisha kwa sababu yoyote, hata kama kuna deni linalobishaniwa. Maneno hayo ya mwisho atayapinga. Ni mahali pazuri pa kumwachia kitu kingine ili uyapate. Kama hamna fedha ya kalibu yenu, chukueni dumu la umbo la kawaida na nembo ya kubandika. Litakuwa la kawaida, lakini unaweza kulipata kwa wauzaji wengine.

Angalieni pia kifungu cha kujirudia. "Mkataba utaendelea kwa mwaka mwingine isipokuwa upande mmoja utoe notisi siku 90 kabla." Kwa mkataba wa miezi sita, siku 90 kabla ni katikati ya msimu, wakati hakuna anayesoma mikataba. Kifuteni kabisa, mkataba ufe tarehe yake, na anayetaka kuendelea aje tukae.

Nimalizie na mpangilio wa mazungumzo yenyewe, kwa sababu mfuatano una maana. Msifunge bei kwanza. Ukishasema "sawa, 1,170," kila sharti utakaloomba baadaye litaonekana ni nyongeza, na atakudai ulilipie. Anzeni na tarehe na mahali pa kupokelea, kisha ukaguzi, kisha malipo, kisha faini na kujitoa kwa pamoja, halafu bei. Akilazimisha kuanza na bei, mwambie: "Bei hiyo naiandika, lakini ni kwa masharti haya," na umwekee karatasi. Nendeni na bei ya maandishi ya muuzaji wa pili mfukoni, hata kama ni ghali, maana asiye na mahali pengine pa kununua hawezi kuzungumzia kujitoa kwa uso mkavu. Nendeni pia na kitu cha kutoa. Kilicho bora kabisa ni makadirio ya mahitaji ya miezi mitatu mbele, yanayosahihishwa kila mwezi, na ahadi ya kununua angalau madumu 8,000 kwa mwezi. Kwa mwenye kiwanda, kujua mashine yake itafanya nini mwezi wa tatu kuna thamani ya siku kadhaa za malipo, na ninyi hamgharimiki kitu.

Mkimaliza kukubaliana, mkataba uandikwe kwa Kiswahili ambacho mtunza ghala anaweza kukisoma. Nakala moja ikae kwa mhasibu, na ukurasa wenye tarehe, ukaguzi na ile sentensi ya kuandika kwenye hati ya mapokezi ubandikwe ukutani ghalani, karibu na mizani. Nimeleta nakala zake, ziko kwa katibu. Zina nafasi wazi za kujaza asilimia na tarehe. Msijaze zile za mfano wangu. Kila mmoja ahesabu siku moja bila madumu inamgharimu kiasi gani kiwandani kwake, ndipo ajaze.

Ahsanteni. Tuanze na maswali.